"Ameib…": Neno Likikatika, Viambishi Vinatuambia Nani na Lini

Sauti iliyorekodiwa inafika mahali msemaji anasema "Ameib…", kisha mtandao unakatika na hakuna kinachosikika tena. Tumebaki na silabi tatu na konsonanti moja. Anayeinukuu sauti hiyo hujikuta anataka kuandika "Ameiba" ili kazi iendelee. Akifanya hivyo, amemfanya mtu mwizi kwa irabu moja ambayo hakuisikia. Neno lile lingeweza kuwa "ameibiwa", na hapo mtu yuleyule ndiye aliyepoteza mali. Lingeweza pia kuwa "ameibeba", na hapo hakuna wizi wowote, kuna mtu na mzigo wake.

Kitenzi cha Kiswahili kinampa msikilizaji mambo mengi mapema sana. Kabla hatujajua tendo ni lipi, tumeshajua linamhusu nani na limekaa wapi katika wakati. Ndiyo maana neno lililokatika kwa Kiswahili mara nyingi lina habari nyingi kuliko tunavyodhani. Lakini kuna mambo mawili matatu ambayo kitenzi huyaweka mwishoni kabisa, na hayo ndiyo hutuangusha tunapojaza wenyewe sehemu iliyopotea. Tulichambue hili neno moja polepole, kisha tuone yanayofanana nalo.

Silabi ya kwanza ni a-. Hiyo ni nafsi ya tatu, umoja. Si mimi, si wewe, si wao. Haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na inaweza hata kuwa mnyama, maana mbwa na tumbili nao huchukua a- hiyohiyo. Lakini imeshaondoa watu wengi kwenye orodha: msemaji mwenyewe hayumo, anayesikiliza hayumo, na kundi la watu halimo.

Silabi ya pili ni -me-. Jambo limeshatokea na matokeo yake bado yapo wakati wa kusema. Angesema "ali-", tungejua tu kwamba lilitokea wakati uliopita, na huenda limeshasahaulika. Kwa "ame-" msemaji anatuambia kuwa hali imebadilika na bado iko hivyo. Kiambishi hiki hakitoi siku wala saa, kwa hiyo anayenukuu asiandike pembeni "leo" au "sasa hivi" kana kwamba amelisikia.

Hadi hapo tuko kwenye ardhi ngumu. Nani na lini, kwa kiwango ambacho viambishi vinaweza kusema, tumevipata katika silabi mbili. Tatizo linaanza kwenye silabi ya tatu, ile i.

I hii inaweza kuwa mwanzo wa mzizi, -ib-, wa kitenzi kuiba. Inaweza pia kuwa kiambishi cha kitu kinachotendwa, kinachosimama kwa niaba ya nomino ya ngeli ya I-ZI kama meza, simu au nyumba, au ya wingi wa U-I kama mizigo na miti. Hapo b inayofuata ndiyo inayoanza mzizi: ameibeba meza, ameibomoa nyumba, ameibandika picha, ameibadilisha simu. Sikio halioni mpaka kati ya i ya mzizi na i ya kiambishi. Zinatamkwa sawa.

Jambo hili linapaswa kumtisha kidogo anayenukuu, kwa sababu hata akisikia "ameiba" yote, herufi sita kamili, bado hana uhakika kwamba neno limeisha. "Ameiba" inaweza kuwa kichwa cha "ameibana", cha "ameibandika", cha "ameibadilisha". Sauti ikikatika palepale, ukamilifu wa lile neno ni wa macho tu.

Kinachosaidia hapa ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, isipokuwa maneno machache ya kukopwa. Na msemaji hatamki silabi moja moja bila kujua anakokwenda. Neno zima analo kichwani tayari, kwa hiyo mkazo anauweka mahali pake hata kama mashine itamkata kabla hajamaliza. Tazama:

ameIba: mkazo uko kwenye i, imebaki silabi moja.

ameiBIwa: mkazo uko kwenye bi, na i imepita bila uzito.

ameiBEba: mkazo uko kwenye be, na i imepita bila uzito.

ameibadiLIsha: mkazo uko mbali, i na ba zote zimepita haraka.

Basi msikilize yule aliyesema "Ameib…" mara ya pili, na mara hii sikiliza i peke yake. Je, ni ndefu na nzito kuliko me iliyoitangulia? Kama ndiyo, msemaji alikuwa amebakiza silabi moja tu, na neno lenye mkazo kwenye i, likifuatwa na b, kwa karibu hali zote ni "ameiba". Kama i imepita nyepesi sawa na me, basi "ameiba" imetoka kwenye mashindano, na hapo mtu wetu ama ameibiwa ama amefanya jambo jingine kabisa kwa kitu cha ngeli ya I-ZI. Tofauti kati ya mwizi na aliyeibiwa inasikika katika uzito wa irabu moja, kabla ya ile w ya kutendwa kufika.

Njia hii ina mipaka yake. Mtu anayesitasita huvuta irabu yoyote anapotafuta neno, na irabu iliyovutwa kwa kusitasita hufanana na yenye mkazo. Namna ya kuzitofautisha ni kusikiliza kama sauti imepanda na kushuka ndani ya silabi, au imelala tu sawasawa kama mtu anayesema "eeeh". Iliyolala si ya kutegemea. Pia sauti ikiwa imebanwa sana na simu, urefu wa silabi ya mwisho iliyosikika unaweza kuwa umekatwa pamoja na neno. Kwenye maandishi, kama ujumbe uliokatwa kwa sababu ya urefu, mkazo haupo kabisa. Huko "Ameib" inabaki "Ameib", na hakuna ujuzi wa lugha utakaoifungua bila sentensi iliyotangulia.

Sasa ile w. Watu husema kwamba kiambishi cha mwanzo kinamtaja mtenda. Kwa maneno mengi ni kweli, lakini mimi naona ni afadhali kusema kinamtaja yule anayesemwa. Kama yeye ndiye mtenda au mtendwa, hilo Kiswahili huliweka upande wa pili wa mzizi: aliita, aliitwa, amepiga, amepigwa, wameshinda, wameshindwa. Viambishi vya mwanzo ni vilevile katika kila jozi, a-li-, a-me-, wa-me-. Mtu akisikia "wameshind…" anajua ni wao na anajua matokeo yapo, lakini hajui kama ashangilie. Kwa hiyo katika neno lililokatika baada ya mzizi, swali la "nani" limejibiwa nusu: tunajua ni nani, hatujui yuko upande gani wa tendo.

Kuna hali moja inayotoa jibu mapema, nayo ni kuwepo kwa kiambishi cha mtendwa kabla ya mzizi. Msemaji akisema "Amemwib…", ile -mw- inamtaja mtu mwingine, mmoja, ambaye tendo linamwangukia. Kitenzi kilichokwisha kumbeba mtendwa wake namna hii kwa kawaida hakigeuki tena kuwa cha kutendwa. Iwe kitaisha kwa "amemwibia" au "amemwiba", yule wa a- ndiye aliyefanya. Vivyo hivyo "wamenishind…": ni- iko katikati, kwa hiyo wao wameshinda na mimi nimeshindwa, hata bila kusikia mwisho. Na -ji- nayo ni ya aina hii: "amejipig…" inatuambia mtenda na mtendwa ni mtu mmoja.

Kinachotuwezesha kusoma hivi vyote ni nafasi. Sauti moja inaweza kufanya kazi tatu, na nafasi yake ndiyo inayosema ni kazi ipi. Chukua ki. Katika "kimefika" iko mwanzoni kabisa, hivyo ni ngeli: kitabu, kiti, chakula kimefika. Katika "akifika" imekaa baada ya nafsi, mahali pa wakati, hivyo ni sharti au tendo linaloendelea sambamba na jingine. Katika "alikivunja" mahali pa wakati pameshachukuliwa na -li-, hivyo ki inayofuata ni kitu kilichovunjwa. Na "akikivunja" ina zote mbili bila kugongana. Kwa hiyo neno likikatika kwenye "aki…", mara nyingi ki hii ni ya wakati, kwa sababu imegusana na nafsi. Likikatika kwenye "aliki…", tunajua si ya wakati. Ni ama kitu cha ngeli ya KI-VI, ama mwanzo wa mzizi kama -kimbia.

Hesabu hiyo ya nafasi inafanya kazi vizuri mpaka nafasi moja iwe tupu. Hapo ndipo ninapoona hata wanukuzi wazoefu wanakosea, na mfano mzuri ni "Hawakupend…".

Anza kama kawaida. Ha- ni ukanushi, na imefika kwanza kuliko vyote, kwa hiyo la hapana tunalijua tangu silabi ya kwanza. Wa- ni wao. Kisha inakuja -ku-. Wengi husimama hapo na kusema: -ku- ni ukanushi wa wakati uliopita, basi ni "hawakupenda", jambo lilishapita. Inaweza kuwa hivyo. Lakini ukanushi wa wakati uliopo hauna kiambishi cha wakati. Tunasema "hawasomi", "hawapendi"; kati ya wa na mzizi hakuna kitu, na wakati unaonyeshwa na ile i ya mwisho. Nafasi ya wakati ikiwa tupu, kinachofuata nafsi moja kwa moja ni mtendwa. Na mtendwa wa nafsi ya pili ni -ku-. Basi neno lilelile linaweza kuwa "hawakupendi": hawakupendi wewe, sasa.

Irabu moja ya mwisho inabeba wakati na mtendwa kwa pamoja. A, nao ni watu ambao jambo fulani halikuwapendeza siku zilizopita. I, nao ni watu wasiokupenda wewe leo. Mkazo hausaidii hapa, kwa sababu maneno yote mawili yana silabi tano na mkazo uko kwenye pe katika yote. Kama msemaji angetaka kusema hawakukupenda wewe zamani, angetumia ku mbili, na zile mbili zingemaliza ubishi mapema: "hawakuku…" ikifuatwa na p haiwezi kuwa ya sasa. Lakini ku moja ni njia panda. Anayenukuu hana la kufanya isipokuwa kuandika alichosikia na kuacha kistari.

Wa tatu katika ukoo huu ni "hukupend…", naye ana tabia ya kuchosha kuliko wote. Hu- inaweza kuwa wewe katika ukanushi, na hapo ni "wewe hukupenda", jambo lililopita. Inaweza kuwa hu- ya mazoea, isiyotaja nafsi yoyote, na hapo -ku- ni wewe unayependwa: "mama hukupenda", yaani kila siku. Hata neno likisikika lote mpaka a ya mwisho, bado ni mambo mawili. Hapa jibu liko nyuma ya kitenzi, katika nomino iliyotangulia. Hu- ya mazoea haina mtu ndani yake, kwa hiyo lazima msemaji awe amemtaja mahali fulani. Kama hakuna aliyetajwa kabla, uzito unaegemea kwa wewe.

Ukanushi mara nyingine unafafanua kuliko kukubali. Mfano ni u-. "Umeanguka…" inaweza kuwa wewe umeanguka, au mti umeanguka, au ukuta umeanguka. Nafsi ya pili na ngeli zenye u- zimegongana. Lakini kanusha: wewe "hujaanguka", mti "haujaanguka". Ha- ikikutana na u- ya nafsi ya pili huwa hu-, ikikutana na u- ya ngeli hubaki hau-. Basi mwanzo tu wa neno lililokatika, "hu…" au "hau…", ungetosha kututenganishia mtu na mti. Ningesema hivyo kwa moyo mweupe kama wazungumzaji wote wangefuata mgawanyo huo. Wapo wengi ambao katika mazungumzo humwambia mtu "haujafika" wakimaanisha wewe. Kwa hiyo "hau…" katika maandishi yaliyohaririwa ni ushahidi mzuri. Katika sauti ya mitaani sikiliza kwanza msemaji huyohuyo anasemaje sehemu nyingine za rekodi, ndipo umhukumu.

Na kwa anayeshughulikia rekodi za wazee au tungo za pwani: ha- ya mwanzo si ukanushi daima. Katika lahaja za pwani na katika ushairi, nika- hufupishwa kuwa ha-, hivyo "hamwambia" ni nikamwambia, si kukanusha chochote. Anayesoma kwa sikio la Kiswahili sanifu anaweza kugeuza ushuhuda mzima juu chini.

Nimesema kwamba kiambishi cha pili kinasema lini. Kwa baadhi yao kazi ni pana zaidi, kwa sababu vinasema pia kama sentensi tuliyo nayo ni nzima. Kiambishi -ka- huja baada ya tendo lingine. Kipande cha karatasi kikianza na "akafungua", tunajua juu yake kulikuwa na tendo la kwanza ambalo limechanika, na mara nyingi lilikuwa na -li-, na hilo ndilo lililoshika wakati wa mfululizo mzima. Mara nyingi pia kumtafuta mtu wa a- kwenye kipande hiki ni kazi bure. Alitajwa huko juu.

Upande mwingine, "akifungua", "alipofungua" na "angefungua" mara nyingi zinadai kitu mbele. Kipande kikikatika baada ya neno la namna hii, kilichopotea si maelezo ya ziada, ni kauli yenyewe. "Alipofungua mlango…" haijasema lililotokea. "Angefungua mlango…" inaenda mbali zaidi: kwa -nge- msemaji anazungumzia tendo la kufikirika tu, kwa hiyo hatuwezi kuandika kwamba mlango ulifunguliwa. Hili hukosewa sana katika muhtasari. Mtu anasoma nusu ya sentensi, anaona nafsi, anaona mzizi, anaripoti tendo kana kwamba limetokea.

Tahadhari moja ndogo kuhusu -ka- katika maandishi: vichwa vya habari hupenda wakati wa -a-, ule unaomezwa na a- ya nafsi. "Mwizi akamatwa" ni a- na mzizi -kamat-. Kikikatika kwenye "Mwizi akam…", msomaji anaweza kuona aka- na kudhani ni mfululizo wa hadithi, labda "akamwona". Katika kichwa cha habari hakuna tendo lililotangulia, kwa hiyo dhana ya -ka- ni dhaifu tangu mwanzo.

Namna ninayoipendekeza kwa wanaonukuu ni rahisi. Andika ulichosikia mpaka herufi ya mwisho, weka kistari, kisha kando yake andika vilivyo hakika kwa mpangilio wa nafasi: ukanushi, nafsi au ngeli, wakati, mtendwa. Vilivyobaki wazi viache wazi na uvitaje. Kwa neno letu la kwanza ingekuwa hivi:

Ameib—: yeye, mmoja, limetokea na matokeo yapo, mkazo kwenye i haukusikika wazi, ameiba, ameibiwa, au kitu cha ngeli ya I-ZI na mzizi unaoanza kwa b.

Mstari huo mmoja unamwachia msomaji kila kilichomo ndani ya sauti, na haumwongezei kitu. Akija mtu mwenye rekodi safi zaidi, ataweza kufuta mawili kati ya matatu bila kuanza upya.

Hali ni tofauti kabisa rekodi inapokatwa mwanzoni badala ya mwishoni. Tuseme kitufe kilibonyezwa kwa kuchelewa na kinachosikika kwanza ni "…meibiwa". Tendo sasa tunalijua lote, na tunajua ni la kutendwa, na -me- imesalia. Aliyeibiwa ndiye aliyepotea. Ni mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi au wao: nime-, ume-, ame-, tume-, mme-, wame-. Wote sita wanafaa, na juu yao kuna ngeli, maana simu imeibiwa, gari limeibiwa, viti vimeibiwa. Mkazo uko kwenye bi kwa wote, kwa hiyo hausaidii. Hapo anayenukuu arudie sauti mahali ilipoanza na kutafuta mabaki ya irabu kabla ya m: midomo ikifunga m baada ya i huacha mlio tofauti na inapofunga baada ya a au u, na wakati mwingine sehemu ndogo sana ya irabu hiyo imenaswa. Ikisikika a, wamebaki yeye, wao, na vitu vya ngeli kama yame-. Ikisikika u, wamebaki wewe, sisi, na vitu vya ngeli ya u-. Ikisikika i, nime- iko pamoja na ime-, lime-, kime-, vime- na zime-, na itabidi isubiriwe sentensi inayofuata.